Choo kinachopandisha: mashine ya kusaga, bomba jembamba, na usiku wa kimya

Maji yalitulia ndani ya mpira wa kupimia usawa. Fundi akachora mstari wa chaki ukutani, akashusha tepu kutoka kwenye mstari hadi sakafuni, kisha akapima tena kwa sababu jibu la kwanza halikumwingia akilini.

Sentimita 90.

Mwisho wa pili wa mpira ule ulikuwa umeshikiliwa kwenye mdomo wa bomba linaloingia karoni, mbele ya nyumba, hatua chache kutoka getini. Chumba kiko nyuma, upande wa bondeni. Kwa hiyo karo liko juu ya sakafu ya choo kinachotakiwa kujengwa, na tofauti yake inafika kiunoni kwa mtu mzima.

Nyumba iko Dodoma, upande wa Kilimani. Chumba cha nyuma kimeongezwa kwa ajili ya bibi aliyeletwa kutoka Mpwapwa baada ya kuvunjika nyonga. Hawezi kupanda ngazi saba za kwenda kwenye choo cha ndani, na hawezi kuchuchumaa. Anahitaji choo cha kukaa, hatua nne kutoka kitandani.

"Sasa mavi yatapandaje mlima?" fundi aliuliza. Hakuwa anatania.

Swali hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Jibu la haraka lipo, linauzwa ndani ya boksi, na picha zake zinavutia. Ila nilipolifuata jibu hilo mpaka mwisho, niliona kwamba mambo yanayoamua kama choo cha namna hii kitafanya kazi hayapo kwenye picha kabisa.

## Kwa nini wasichimbe tu karo jingine

Hilo ndilo la kuuliza kwanza, na mahali pengi jibu sahihi ni kuchimba. Bomba la inchi 4 lenye mteremko mzuri halina injini, halina swichi, halijui kama LUKU imeisha. Penye nafasi ya kufuata mteremko, ufuate.

Hapa walijaribu. Shimo lilifika sentimita 70 likagonga mwamba, ule wa granaiti unaouona umechomoza kwenye vilima vya mji huu. Mwamba unapasuliwa, tatizo si hilo peke yake. Hata karo lingekamilika, gari la kunyonya majitaka lisingefika huko nyuma, maana kati ya nyumba na ukuta wa jirani ni mita moja na nusu. Karo lisilofikiwa na gari litajaa siku moja, na siku hiyo hakuna wa kulisaidia.

Njia ya pili ni kuinua sakafu ya choo mpaka iwe juu ya karo. Hiyo ni kumrudishia bibi ngazi zilezile alizoshindwa.

Ndipo ikabaki mashine.

## Kilichomo ndani ya boksi

Ni boksi la plastiki linalokaa nyuma ya sinki la choo, ukubwa wake unakaribia ndoo mbili zilizosimama pamoja. Ukiflashi, maji na uchafu haviendi chini. Vinatoka kwa nyuma ya sinki na kuingia ndani ya boksi.

Humo kuna chumba kidogo cha hewa chenye utando wa mpira juu yake. Maji yakipanda, yanaibana ile hewa, utando unajikunja na kuminya swichi, mota inaanza. Mota inazungusha visu na papo hapo inazungusha pampu. Kinyesi na karatasi ya chooni vinakuwa uji mwepesi, na uji huo unasukumwa kwenye bomba jembamba. Maji yakishuka, utando unarudi, mota inazima. Kazi yote inachukua sekunde 10 hadi 20.

Mlangoni mwa bomba la kutokea kuna valvu ya kuzuia kurudi. Ni kipande kidogo cha mpira ambacho watu wengi hawakijui mpaka kiharibike.

Hakuna kingine cha ajabu. Ni mashine ya kusaga na pampu kwenye ekseli moja, inayoamshwa na maji yenyewe. Kampuni ya Kifaransa ya SFA ndiyo iliyoanza kuzitengeneza mwaka 1958, na umbo la msingi halijabadilika sana tangu hapo.

Sinki lake si la kawaida. Masinki mengi madukani yanatoa uchafu kwa chini, kupitia sakafuni. Hapa unahitaji lile linalotoa kwa nyuma, tundu lake likiwa kama sentimita 18 kutoka sakafuni, liingie moja kwa moja kwenye mdomo wa boksi. Mwenye nyumba alikuwa ameshanunua la kutolea chini. Lilirudishwa dukani.

## Bomba jembamba, na kosa linaloonekana kama busara

Hapa ndipo fundi na mimi tulipokaa muda mrefu zaidi.

Fundi bomba mzuri amefundishwa na kazi kwamba choo ni bomba la inchi 4. Akiona mashine ina tundu la kutokea lenye unene wa kidole gumba, silka inamwambia aongeze ukubwa haraka iwezekanavyo, ili kisizibe. Ni silka ya mtu anayejali kazi yake. Kwenye bomba linalopanda, silka hiyo inaua choo.

Tazama hesabu yake. Bomba la inchi 4 likisimama wima kwa mita 1.2 linabeba takriban lita 9.4. Flashi moja ni lita 6. Maana yake mashine ikisukuma flashi nzima, maji hayajafika hata juu ya bomba. Yanasimama katikati, mota inazima, uji unatulia na kuanza kujitenga: maji juu, uzito chini, ukilala juu ya ile valvu ndogo. Flashi inayofuata inakuta tope.

Sasa chukua bomba la milimita 32, ambalo kwa ndani lina kama milimita 28. Mita 1.2 hizohizo zinabeba lita 0.7 tu. Flashi moja inalifagia bomba lote mara kadhaa, na kinachobaki ndani ni maji yaliyokwisha kuwa karibu safi.

Bomba jembamba ndilo linalojisafisha.

Fundi alinyamaza, akachukua kipande cha bomba akakitazama kwa ndani dhidi ya mwanga. Kisha akauliza swali zuri: basi kwa nini lisiwe jembamba njia nzima, liende chini kwa chini mpaka karoni, lipande hukohuko mwisho?

Kwa sababu pampu hii inapenda kupanda mara moja, na mwanzoni. Wima kwanza, kutoka kwenye boksi, mpaka kimo unachokihitaji. Halafu lala, huku ukishuka taratibu, sentimita 1 kwa kila mita, mpaka mwisho. Baada ya kilele hicho kazi ni ya mteremko, siyo ya pampu. Ukilaza bomba kwanza na kupandisha mwishoni, njia yote inabaki imejaa uji uliosimama kati ya flashi moja na nyingine. Ukiliacha likashuka halafu likapanda tena hata kwa sentimita 10, pale pabondeni ndipo patakapoziba.

## Hesabu ya nyumba hii

Kutoka chumbani hadi karoni ni mita 20 kwa kufuata ukuta. Mteremko wa sentimita 1 kwa mita unataka sentimita 20. Mdomo wa karo uko sentimita 90 juu ya sakafu. Jumla ni sentimita 110, wakaongeza 10 za usalama. Kilele kikawa mita 1.2 juu ya sakafu ya choo.

Ukilitazama kwa nje, bomba linatokea ukutani nyuma ya nyumba likiwa juu ya kiuno, linafuata ukuta likishuka kidogo sana kiasi kwamba jicho halioni, huku ardhi ikilipandia kutoka chini. Mita chache kabla ya karo ardhi inalifikia na kulimeza.

Je, mashine itamudu? Kwenye boksi imeandikwa inapandisha hadi mita 4. Namba hiyo ni ya kupandisha tu, bila safari ya kulala. Kanuni ya mkono inayotumika ni kwamba kila mita 1 ya kupanda inakula nguvu sawa na kama mita 10 za kulala. Kwa hiyo mita 4 ni mtaji wa mita 40. Kupanda mita 1.2 kunakula 12. Kulala kunakula 20. Kona nne, tukiipa kila moja mita moja, zinakula 4. Jumla 36 kati ya 40.

Inatosha kwenye karatasi. Lakini mashine mpya siyo mashine ya miaka mitano, na umeme wa jioni siyo umeme wa maabara. Walichukua ya mita 5. Jedwali la mtengenezaji ndilo la kufuata siku zote, hii ya mkono ni ya kujua kama uko karibu na ukingo.

Kona zenyewe hazikuwekwa za nyuzi 90. Kila kona ilitengenezwa kwa elbo mbili za nyuzi 45 zenye kipande kifupi katikati, ili uji ugeuke badala ya kugonga.

Na jua la Dodoma liliingizwa kwenye hesabu. Bomba la PVC lililolala juani linalegea na kubonyea kati ya klipu moja na nyingine, na kila bonyeo ni kabonde ka uchafu kusimama. Klipu ziliwekwa kila baada ya sentimita 50, bomba likapakwa rangi nyeupe. Bila rangi, miaka michache tu plastiki inachakaa, inakuwa ngumu na kupasuka.

Mwisho wa bomba haukuchomekwa kwenye bomba dogo la sinki la vyombo, ingawa lilikuwa jirani. Uliingia kwenye bomba la inchi 4 kwa juu, kwa kiungo cha Y, kabla ya karo. Ndani ya karo kuna tii inayouelekeza uji ushuke kimya. Uchafu uliosagwa unachelewa kutuama kuliko ulio mzima, na ukiingia kwa kishindo unavuruga kila kilicholala.

## Maji ya kuoga: pale mpango ulipogeuka

Mashine ina matundu madogo pembeni ya kupokea maji ya sinki la mikono na ya kuogea. Mpango wa kwanza ulikuwa kuunganisha kila kitu.

Tatizo la kwanza ni kimo. Tundu la pembeni liko juu ya sakafu, na maji ya kuogea lazima yateremke kuliingia. Hivyo sehemu ya kuogea ingeinuliwa kwa sentimita 15 hadi 18. Kwa kijana ni kidaraja kidogo. Kwa mtu mwenye nyonga iliyovunjika, sakafu ikiwa na sabuni, ni hatari ile ile iliyomleta hapa.

La pili ni mchanga. Vumbi la mji huu linaingia na miguu. Bibi anaosha miguu kila jioni, na kila beseni linaacha chembe chini. Mchanga hausagiki. Unazunguka na pampu na kuila polepole, na mwingine unatuama chini ya boksi mahali pasipofagiwa.

La tatu ni maji ya moto. Mashine nyingi za chooni zinawekewa kikomo cha joto karibu na nyuzi 35, na kibandiko chake kinasema hivyo. Maji ya kuogea mtu mzima asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma ni ya moto kuliko hayo.

Nilivyoyaweka matatu haya pamoja, jambo likawa wazi. Maji ya kuoga hayahitaji kupanda mlima. Hayana kinyesi, hayataki gari la kunyonya. Yalitolewa kwa bomba la inchi 2 kuelekea bondeni, kwenye mtaro wa kunyonya wenye kokoto, ambao kina cha sentimita 60 kilitosha. Sakafu ya kuogea ikabaki sawa na ya chumba, bila hata kidaraja.

Mashine ikabaki na kazi moja tu, choo.

Sasa nikiulizwa na mtu mwingine, ndipo ninapoanzia: usiipe mashine maji ambayo ardhi ingeyapokea bure.

## Umeme ukikatika

Choo hiki bila umeme ni ndoo yenye kiti.

Boksi litapokea flashi moja na kukaa nayo. Ya pili itaanza kurudi kwenye sinki. Hakuna njia ya kulidanganya. Ndiyo maana kanuni za ujenzi za Uingereza, ambako vyoo hivi vimezoeleka, zinaviruhusu tu pale ambapo nyumba hiyohiyo ina choo kingine kinachoteremka kwa uzito wake. Ni sharti la busara hata mahali ambapo hakuna anayekuja kukagua. Kama choo hiki ndicho kitakuwa pekee nyumbani, mimi ningesema acha.

Nyumba hii ina cha ndani kwa ajili ya wengine. Kwa bibi, kilinunuliwa kiti chenye ndoo na mfuniko, kinakaa nyuma ya mlango kikisubiri. Ni jambo lililozungumzwa naye mapema, siyo usiku wa giza.

Kisha likaja wazo la sola. Inveta ndogo ilikuwepo tayari, inawasha taa na runinga. Je, itaendesha choo?

Watu wengi wanahofia betri. Betri siyo shida. Mota ya wati 400 ikifanya kazi kwa sekunde 15 inakula kiasi kidogo mno. Hata flashi 20 kwa siku, kwa mwezi mzima, ni takriban uniti moja ya LUKU. Shida ni ile nusu sekunde ya kuanza. Mota ya aina hii ikiamka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishakimbia. Inveta ya wati 500 itaona mzigo huo na kujizima, au mbaya zaidi itaipa mota umeme hafifu, isizunguke, ingurume tu ikipata moto.

Ile ndogo ilijizima. Ya wati 2000 yenye wimbi safi iliiamsha bila kusita.

Mngurumo huo bila kuzunguka ukariri, maana utausikia hata kwenye umeme wa gridi jioni ambapo volti zimeshuka. Ukisikia, zima swichi kwanza. Sababu ni moja kati ya tatu: umeme hafifu, kapasita imechoka, au kitu kimekwama kwenye visu. Mota ina ulinzi wa joto unaoikata yenyewe, na baada ya kupoa kama nusu saa itajaribu tena. Usiiache ijaribu usiku kucha.

Kwenye waya, mashine ilipewa laini yake yenye ethi ya kweli na kikatishi cha umeme unaovuja cha miliampia 30, kwa sababu ni umeme na maji kwenye chumba kimoja. Haikuchomekwa kwenye soketi ya ekstensheni. Swichi yake iko nje ya mlango, juu, mahali ambapo anayehudumia anaweza kuizima kabla ya kugusa chochote.

## Kelele

Nilidhani hii itakuwa aya moja. Imekuwa ndiyo sehemu iliyonifikirisha zaidi.

Kwenye karatasi za watengenezaji utaona namba kama desibeli 50 au 55. Mazungumzo ya kawaida ni karibu 60. Kwa hiyo mtu anasoma, anaona ni kimya kuliko watu wawili wakiongea, anaridhika.

Namba hiyo haidanganyi, ila inapima kitu kingine. Inapima sauti inayosafiri hewani. Mashine hii inatikisika, na mtikisiko unasafiri sakafuni, ukutani, na ndani ya bomba lenye mita 20. Saa nane usiku, Dodoma ikiwa kimya mpaka unasikia mbwa wa mtaa wa tatu, mngurumo wa sekunde 15 unaotoka ukutani ni kitu kikubwa.

Wiki ya pili, mke wa mwenye nyumba alikuta asubuhi choo hakijaflashiwa. Na kesho yake. Alidhani bibi amesahau namna ya kubonyeza.

"Sijasahau, mwanangu," bibi alisema. "Watoto wanalala upande wa pili wa ukuta. Nikiliamsha hilo, nawaamsha."

Alikuwa anasubiri kupambazuke. Na hiyo si adabu peke yake, ni hitilafu ya kiufundi inayojengwa polepole. Uchafu uliokaa kwa saa tano ndani ya sinki unashika, karatasi inakauka kwenye kingo, asubuhi vinaingia kwenye boksi kwa mpigo mmoja mzito kuliko flashi za kawaida.

Fundi alirudi. Alichokifanya hakikuhitaji kifaa kipya hata kimoja.

Kwanza alilala sakafuni na tochi. Boksi lilikuwa limesukumwa mpaka likagusa ukuta, na ukuta huo ndio wa chumba cha watoto. Alilivuta sentimita 2. Alipoliwasha, tofauti ilisikika hapohapo.

Pili, lilikuwa limekaa moja kwa moja juu ya marumaru. Alikata kipande cha mkeka wa mpira, unene wa milimita 10, akakiweka chini yake, na skrubu za miguu akazilegeza mpaka zikashika bila kubana.

Tatu ni klipu, na hizi ndizo zilikuwa mkosaji mkubwa. Bomba lilikuwa limebanwa ukutani kama linaogopwa litakimbia. Kila klipu ilikuwa inakabidhi mtikisiko kwa tofali. Alizifungua zote za mita 3 za kwanza, akazungushia bomba vipande vya tyubu ya zamani ya baiskeli, akazirudisha. Pale bomba linapopenya ukutani, saruji iliyokuwa imeligandia ilitobolewa, nafasi ikazibwa kwa povu laini.

Kishindo kile cha mwisho, "tok!", ambacho kilikuwa kinafuata mota ikizima, ni ile valvu ikifunga huku maji ya bomba la wima yakirudi kuigonga. Hicho hakiondoki kabisa. Kilipungua baada ya bomba kuacha kugusa ukuta.

Kingine ambacho hakikuweza kufanyika ni kuhamisha choo. Kama kingejengwa tangu mwanzo kwenye ukuta wa nje, badala ya ukuta wa pamoja na kitanda cha mtu, nusu ya kazi hii isingekuwepo. Uamuzi wa kelele unafanywa siku ya kuchora, kwa chaki, sakafuni. Na usitenganishe choo hiki na chumba cha kulala kwa jipsamu. Tofali la inchi 6 lililopigwa plasta pande zote ndilo linalostahili.

Bibi anaflashi usiku sasa. Watoto wanasikia, wanageuka upande, wanaendelea kulala.

## Sauti zake zikibadilika

Kelele hiyohiyo inayoudhi ndiyo kipimo bora ulichonacho.

Ikiwaka yenyewe kila nusu saa wakati hakuna aliyeingia, kuna maji yanavuja. Angalia tanki la flashi kwanza: weka rangi ya chakula ndani yake, usiflashi kwa dakika 20, ukiona rangi kwenye sinki, mpira wa tanki umechoka. Kama tanki ni zima, basi maji yanarudi kutoka kwenye bomba la wima kupitia ile valvu ya mpira, mara nyingi kwa sababu uzi au unywele umelala chini ya kilemba chake.

Ikikereketa kama kokoto kwenye sufuria, kuna kitu kigumu. Kizibo, kipini, kipande cha mswaki. Zima umeme, fungua.

Ikizunguka bila kusimama, ama bomba mbele limeziba, ama ule utando wa hewa haurudi chini. Na hapa Dodoma kisababishi cha utando kukwama ninakijua kabla sijafungua: chumvi ya maji. Ukoko mweupe uleule unaoganda kwenye birika la chai unaganda ndani ya boksi, na njia ya hewa ni nyembamba.

Dawa yake ni asidi laini. Gramu 250 za unga wa sitriki kwenye lita 5 za maji ya kawaida, kila baada ya miezi mitatu kwa maji ya visima vya huku. Zima umeme, mimina sinkini, acha kwa saa mbili, washa, kisha flashi mara tatu. Usitumie asidi kali ya kung'arishia marumaru wala maji ya betri, vinakula mpira wa valvu na chuma cha visu. Na usichanganye asidi yoyote na jiki, mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini ndani ya chumba kidogo.

Kinachoingia humo ni kinyesi, mkojo, maji na karatasi ya chooni tu. Pedi, taulo za kufutia watoto, pamba, gazeti na nyuzi haviingii. Visu hivi havikati kitambaa. Kitambaa kinajizungusha kwenye ekseli mpaka mota isimame, na kukitoa ni kazi ya mikono, glavu na muda. Kwa wageni, ndoo yenye mfuniko kando ya sinki inafanya kazi kuliko tangazo lolote.

Maji yakikatika bombani, ndoo inatumika kama kawaida, ila kwa sharti: lita 6 zimwagwe kwa mara moja. Vikombe viwili vitatu vinalowesha tu karatasi, haviibebi mpaka kwenye boksi.

## Sekunde 13

Siku ya kukabidhi, fundi alifanya jambo ambalo sikuliona kwenye maelekezo yoyote. Alijaza ndoo mpaka alama ya lita 6, akaimwaga sinkini kwa mpigo mmoja, akawasha saa ya simu mota ilipoanza na kuizima ilipokata. Alirudia mara tatu. Kisha akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika juu ya mfuniko wa boksi tarehe, na mbele yake: sekunde 13.

"Ikifika 20 kwa ndoo hiihii," alimwambia mwenye nyumba, "usinisubiri izibe."

Boksi halikujengewa marumaru. Limesimama wazi, na mbele yake kuna nafasi ya mtu kupiga magoti na kulivuta lote nje. Kwenye bomba la wima kuna koki ya kufunga, ili siku ya kulifungua boksi, maji ya bomba hilo yasimshukie aliyepiga magoti.

Juzi walimwaga ndoo tena. Ilikuwa 14.